Akila kamba anavimba na eosinofili ziko juu: ni aleji ama ni minyoo?

"Daktari shikamoo. Mwanangu ana miaka 9, kilo 28. Akila kamba hazipiti dakika kumi mdomo unamuwasha, midomo inavimba na mwili mzima unatoka mabaka. Mara ya mwisho alitapika mara tatu. Kliniki wamempima damu: chembe nyeupe 9,000, eosinofili asilimia 14, IgE 1,240. Choo hakikuonyesha kitu. Wao wasema ni aleji. Mamangu asema ni minyoo tu, nimpe dawa ya minyoo kisha atakula kamba kama kawaida. Likizo huwa tuko kwa nyanyake mwengine Msambweni na huwa anaoga mtoni. Nani mkweli? Na samaki pia aache? Mama Fahmi, Likoni."

Marahaba Mama Fahmi. Nianze na lile lisilongoja: kinachomvimbisha mtoto ndani ya dakika kumi ni aleji ya kamba, na huko kutapika mara tatu pamoja na mabaka kwanifanya niihesabu kuwa aleji kali, sio vipele vya kupaka dawa vikaisha. Kamba wakae mbali naye kuanzia sai. Lakini mamako naye hajakosea kote, manake hizo eosinofili, aina moja ya chembe nyeupe za damu, kufika asilimia 14 kamba peke yake hawazielezi vizuri, na mtoto anayeoga mtoni Msambweni mimi ntamtafutia minyoo kabla sijatafuta kitu chengine. Kila mmoja ana ukweli wake, ila wanaongea juu ya mambo mawili, na hatari iko pale mtu anapodhani kutibu hili kutaondoa lile. Ukimpa dawa ya minyoo leo halafu wiki ijayo ukamjaribu na kamba wa nazi, unaweza kumpoteza mtoto hapo hapo mezani.

Sasa kwa nini mambo mawili mbalimbali yanachanganyika hivi kwenye karatasi moja ya maabara? Kwa sababu mwili unatumia zana zile zile kwa yote mawili. Ngoja nikueleze zinavofanya kazi, kisha turudi kwa namba za Fahmi, utaona zenyewe zinasema nini.

Kuna seli zinaitwa masti. Hizi hazizunguki na damu, zinakaa pale pale chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na njia za hewa, kwenye ukuta wa utumbo, na sana sana zinajibanza kando ya mishipa midogo ya damu na neva. Yaani ziko kila mahali mwili unapokutana na vya nje. Mjerumani Paul Ehrlich ndo alizipa jina mwaka 1878, alipokuwa anaandika tasnifu yake, na kilichomvutia ni kwamba zimejaa vipunje vinavyoshika rangi vikali. Ndani ya hivo vipunje mna histamini, mna kimeng'enya kinaitwa triptasi, mna heparini, na vyote vishatengenezwa zamani vinangoja tu kumwagwa.

Masti zenyewe hazijui kamba wala minyoo. Kinachozijulisha ni kingamwili inayoitwa IgE, ambayo ndo chache kuliko kingamwili zote katika damu. Kwenye damu haikai sana, baada ya siku mbili hivi nusu yake ishaondoka, lakini ikishajishika juu ya seli ya masti inakaa wiki nyingi hata miezi. Fahmi alipokula kamba mara za mwanzo nadhani hukuona chochote. Ndani ndo mwili wake ukatengeneza IgE inayoitambua protini moja ya misuli ya kamba, tropomiosini, na hiyo IgE ikaenda ikajishika kwenye masti za ngozi, za utumbo, kote. Kuanzia hapo masti zake zikawa kama mtego ulioshategwa, na yeye anacheza mpira wake hana habari.

Siku anakula tena, tropomiosini inafyonzwa mdomoni na tumboni, inafika kwenye masti, inashika IgE mbili zilizo karibu na kuziunganisha, na huko kuunganishwa ndo amri yenyewe. Seli inamwaga vipunje vyake nje papo hapo. Histamini ikitoka, kuta za mishipa midogo zinalegea na maji ya damu yanavuja kuingia nyamani, hilo ndo baka lenyewe lililoinuka lenye weupe katikati na wekundu pembeni. Neva zikiguswa na hiyo histamini ndo muwasho. Misuli ya utumbo ikibana ndo kutapika na tumbo kukata, na ya njia za hewa ikibana ndo kifua kulia. Ikitokea mwili mzima kwa pamoja, maji yanahama mishipani mengi kiasi kwamba presha inaanguka, na hapo ndo watu hufa. Haya yote ni ya dakika, mara nyingi ndani ya nusu saa, na kwa chakula ni nadra kupita saa mbili. Kwa hivo ukiniambia dakika kumi, kila safari, na ni kamba yule yule, ushanipa kipimo kizuri kuliko hicho cha maabara, manake hakuna mnyoo anayengoja mtoto ale kamba ndo amvimbishe mdomo.

Baada ya wimbi hilo la kwanza masti zinatengeneza vitu vipya, leukotrieni na prostaglandini, na kwa saa kadhaa zinazofuata zinatoa ujumbe wa kuita seli zengine zije, eosinofili zikiwa mbele. Ndo maana mtoto anaweza kutulia magharibi, mkashukuru, halafu usiku ikarudi bila kula chochote kipya. Mtoto aliyepatwa na aleji kali haendi kulala nyumbani baada ya robo saa eti kwa kuwa mabaka yameshuka. Anakaa akiangaliwa kwa masaa.

Kuna jambo moja la zamani ambalo mimi hulipenda kwa vile laonyesha haya yote bila mashine yoyote. Mwaka 1921 Carl Prausnitz na Heinz Küstner, madaktari wawili wa Ujerumani, walitaka kujua aleji inakaa wapi. Küstner alikuwa akila samaki anavimba, Prausnitz hana shida na samaki. Basi wakachukua maji ya damu ya Küstner wakamdunga Prausnitz kidogo kwenye ngozi, kesho yake wakamdunga mchuzi wa samaki pale pale, na sehemu ile peke yake ikavimba na kuwasha. Kwa hivo kuna kitu kwenye damu kinahama mtu kwa mtu na kinang'ang'ania kwenye ngozi. Ilichukua hadi 1966 na 1967 kukijua ni kitu gani, pale Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver na watafiti wa Uppsala, Sweden, kila kundi kwa njia yake, walipoipata IgE. Leo hatufanyi tena jaribio hilo kwa sababu ya hatari ya kuambukizana magonjwa ya damu, lakini kile kipimo cha kudona ngozi na tone la kitu kinacholeta aleji kimejengwa juu ya jambo hilo hilo.

Haya, mwili umebeba zana kali hivi ya nini? Jibu ambalo wengi wetu twalikubali ni minyoo. Bakteria ni mdogo, seli nyeupe inammeza ikamaliza kazi. Mchango wa tumboni, ile askarisi, jike lake lafika sentimita 20 hadi 35, hakuna seli itakayommeza huyo. Kwa hivo mwili unabadilisha mbinu, badala ya kumeza unasukuma nje. Masti za utumbo zikiamshwa na IgE ya minyoo zinamwaga histamini yao, utumbo unavuja maji ndani, misuli inabana na kusukuma kwa nguvu, na seli za ute zinaamriwa na interlukini 13, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, zitoe ute mwingi mzito ili mnyoo asipate pa kujishika. Ukiangalia vizuri utaona ni yale yale, kutapika, kuhara, makamasi, kukohoa, kupiga chafya, yote ni mwili unajaribu kutoa kitu nje. Kwenye aleji zana hiyo hiyo inaelekezwa kwa kamba asiyekuwa na kosa lolote, na panya waliozaliwa bila masti wakiambukizwa aina fulani za minyoo huchelewa sana kuwatoa.

Halafu ndo kuna eosinofili, ambazo ndo zimewaletea ubishi nyumbani. Hizi hutengenezwa ndani ya mifupa kwa amri ya interlukini 5, zinapita kwenye damu kwa muda usiofika hata siku moja kisha zinaingia nyamani na kukaa huko, kwa hivo zile za kwenye damu ni za safarini tu, kwa kila moja unayoihesabu kuna mamia nyamani. Chini ya hadubini zina vipunje vikubwa vya rangi ya machungwa na nyekundu, huwezi kuzikosa. Vipunje hivo vina protini za sumu. Eosinofili inamkuta kiluwiluwi wa mnyoo ameshapakwa kingamwili, inajibandika juu ya ngozi yake na wenzake, zinamzunguka, kisha zinamiminia sumu hiyo juu yake hadi ngozi ya mnyoo inatoboka.

Na hili halikujulikana kwa mbali tu. Kundi la Anthony Butterworth ndo lilionyesha mwaka 1975 kwamba eosinofili zikisaidiwa na kingamwili zinaharibu viluwiluwi wa kichocho kwenye chombo cha maabara, na kwa miaka mingi baadaye wakawa wanafanya kazi na watoto wa Machakos, hapa hapa Kenya, kuangalia nani akitibiwa kichocho anaambukizwa tena na nani haambukizwi. Mwaka 1991 utafiti wa Gambia ukaonyesha kwamba wale wenye IgE nyingi dhidi ya kichocho ndo waliokuwa hawarudiwi sana. Lakini nisikutilie chumvi, eosinofili si mwuaji wa kila mnyoo. Mnyoo mzima anayeogelea katikati ya utumbo hazimfikii vizuri, na kuna mnyoo wa kwenye misuli, trikinela, ambaye kwa panya ilionekana eosinofili zinamsaidia kuishi badala ya kumwua. Kazi yao kubwa iko kwa wale wachanga wanaosafiri ndani ya nyama.

Hilo la kusafiri ulishike vizuri kwa sababu ndo ufunguo wa karatasi yako. Sasa tuisome.

Asilimia peke yake haitoshi, zidisha. Asilimia 14 ya 9,000 ni 1,260 kwa kila maikrolita ya damu. Kawaida tunataka chini ya 500. Aleji za kawaida, pumu, mafua ya vumbi, ukurutu, huwa zinazipandisha kidogo, mara nyingi kati ya 500 na 1,500, kwa hivo 1,260 iko mahali pa utata, haikatazi aleji na haikatazi minyoo. Ila aleji ya chakula ambayo inamjia mtoto siku anayokula tu, siku zengine mzima, hainipi 1,260 wakati hana chochote. Kama Fahmi ana ukurutu au pumu pia hapo ntabadilisha hesabu kidogo, kwa hivo mwambie daktari wako wa kliniki kama yuko hivo. Kama hana, hiyo namba naiwekea minyoo ya nyamani hadi nithibitishe si hivo.

Wengi hapa pwani wakipimwa wanaambiwa ni amiba au taifodi, kwa hivo niseme na hili: amiba na jiadia kwa kawaida hazipandishi eosinofili. Taifodi ndo kabisa huzishusha, wakati mwengine zinapotea. Mtu akikupa dawa ya taifodi kwa sababu ya eosinofili nyingi, uliza tena.

Sasa "choo hakikuonyesha kitu". Choo kinaonyesha mayai, na mayai hutagwa na mnyoo mzima. Askarisi akiingia kama yai kwenye mchicha ambao haukuoshwa au vidole vyenye udongo, anaanguliwa kwenye utumbo mwembamba, anatoboa ukuta, anapita ini, wiki moja hadi mbili yuko mapafuni, anapanda na kikohozi hadi kooni, anamezwa, ndo anarudi utumboni kukua, na hadi aanze kutaga imepita miezi miwili au mitatu tangu siku ya kwanza. Eosinofili zinapanda sana wakati yuko mapafuni, na wakati huo choo ni safi kabisa kwa sababu hakuna wa kutaga. Wilhelm Löffler wa Uswisi ndo aliueleza ugonjwa huo mwaka 1932, kikohozi, homa kidogo, picha ya kifua yenye mawingu yanayohama, na eosinofili juu. Akishakua na kutulia utumboni anataga mayai hata laki mbili kwa siku, choo kinajaa ushahidi, na eosinofili zinashuka. Yaani choo na eosinofili mara nyingi vinapishana, na choo kimoja safi hakimtoi mtoto kwenye minyoo.

Halafu Msambweni. Iko Kwale, na Kwale ni eneo la kichocho cha mkojo tangu zamani, na mtoto anayeoga mtoni au kwenye bwawa ndo mwenyewe haswa. Mnyoo wa kichocho hiki hatumtafuti kwenye choo. Tunamtafuta kwenye mkojo, tena mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, manake ndo wakati mayai yanatoka kwa wingi, na ni vizuri mtoto akimbie kimbie kidogo kwanza, na wanaotaka kuangalia wachukue ule wa mwisho mwisho, matone ya kumalizia. Ukipeleka mkojo wa saa kumi na mbili alfajiri wakakwambia hamna, hujapima. Muulize pia kama huwa anaona damu mwishoni mwa kukojoa, watoto wengine hudhani ni kawaida kwa sababu wenzao wote wako hivo.

IgE 1,240 nayo. Hii ni IgE yote kwa jumla, ya kamba, ya vumbi, ya minyoo, na nyengine nyingi ambazo hazijui chochote cha maana, manake minyoo ikiingia inasukuma mwili utengeneze IgE ovyo ovyo. Kwa mtu mzima maabara nyingi huandika kawaida ni hadi 100, lakini mahali penye minyoo watoto wa maelfu ni wengi na hawana aleji hata moja. Kwa hivo IgE ya jumla haikuthibitishii aleji ya kamba wala haikuthibitishii minyoo. Ungetaka kujua kamba ingebidi wapime IgE ya kamba peke yake, au wamdone ngozi, mahali penye adrenalini karibu, ile sindano ya kuokoa mtu kwenye aleji kali.

Na hata hapo kuna mtego mwengine ambao kwetu una maana sana. Ile tropomiosini ya kamba inafanana sana na tropomiosini ya utitiri wa vumbi la godoro, na ya mende, na hata minyoo kama askarisi wana yao inayofanana. Mombasa na huu unyevu, utitiri uko kwenye kila godoro na mto. Kwa hivo kuna mtoto ambaye IgE yake ilitengenezwa kwa sababu ya utitiri au minyoo, kipimo cha kamba kikatoka chanya, na huyo mtoto anakula kamba kila Ijumaa salama salimini. Kumnyima chakula kwa sababu ya karatasi tu ni kosa. Kwa Fahmi mambo ni kinyume, yeye amevimba kwanza ndo akapimwa, kwa hivo karatasi yoyote itakayotoka itaunga mkono tu kile mlichokiona kwa macho. Hilo la kufanana laweza hata kueleza kwa nini mwili wake ulianza kuchukia kamba, ingawa kwa mtoto mmoja mmoja huwezi kulithibitisha.

Hoja ya mamako ina upande mwengine, kwamba minyoo ndo inaleta aleji kwa hivo ikitoka aleji inatoka. Ukiangalia yaliyopimwa, mara nyengine ni kinyume chake. Mnyoo anaishi ndani yako mwaka mzima na zaidi, na kama zana hii ingekuwa inalipuka kila siku angekufa na wewe ungekufa. Kwa hivo minyoo inayokaa inautuliza mwili, kuna interlukini 10 inatolewa nyingi, kuna kingamwili IgG4 inayotangulia kushika protini kabla hazijafika kwenye IgE. Huko Gabon mwaka 2000 watoto wenye kichocho walionekana kudonwa ngozi na vumbi la utitiri wanavimba kidogo kuliko wasio nacho, na utafiti wa baadaye huko huko ukaona watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara ngozi zao zinaanza kuitikia utitiri zaidi. Ecuador walipojaribu kutibu watoto na albendazoli, aleji haikuongezeka wala kupungua. Kwa hivo usiogope kumtibu Fahmi minyoo ati utamzidishia aleji, na usitarajie itamponya. Minyoo inamla damu na chakula chake, na kichocho kinaharibu kibofu na figo, hiyo yatosha kuwa sababu ya kuitibu.

Basi mimi ningefanya hivi, na umwonyeshe daktari wenu wa kliniki. Choo kipimwe tena, siku mbalimbali, sio mara moja. Mkojo wa mchana kama nilivosema. Albendazoli miligramu 400 mara moja kwa umri wake ni sawa, ila ujue inamaliza vizuri askarisi na safura, kwa minyoo mjeledi dozi moja ni dhaifu, na kichocho haikigusi kabisa. Kichocho dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa kilo 28 ni 1,120, kwa hivo huwa anapewa vidonge viwili vya 600 au karibu na hapo kulingana na watakavyokata, baada ya chakula. Nayo inaua wazima tu, wale wachanga walioingia juzi inawaacha, ndo maana aliyeoga mtoni mwezi huu anaweza kuhitaji kurudia baada ya wiki kadhaa. Msishangae eosinofili zikipanda kidogo siku za mwanzo baada ya dawa, minyoo ikifa inamwaga protini zake na mwili unaitikia. Pima tena baada ya miezi miwili au mitatu. Zikishuka chini ya 500 tushajua zilikuwa za nani. Zikibaki juu, hasa zikipita 1,500 na kukaa hapo, huyo ni wa daktari bingwa.

Katika hayo yote mtu asimwanzishe vidonge vya prednisoloni, ambayo ni steroidi, vya siku nyingi "kushusha eosinofili". Vinazishusha kweli, karatasi inapendeza, lakini kuna mnyoo anaitwa strongiloidi, anaingia kwa kupitia ngozi ya miguu, anaweza kujizalisha ndani ya mtu kwa miaka, na mwenye nao akipewa steroidi kinga inalala, minyoo inasambaa mapafuni na kila mahali na mtu hufa. Mtoto wa pwani anayetembea bila viatu shambani na eosinofili ziko juu, huyo strongiloidi ndo atafutwe au atibiwe kwanza, na dawa yake bora ni ivermektini, albendazoli kwa huyo ni hafifu.

Kuhusu kamba, dawa ni kuepuka na kuwa tayari. Kupika hakusaidii, tropomiosini inavumilia moto, na kuna watoto wanaoanza kuwashwa kwa mvuke tu wa sufuria kwa hivo wakati mnapika kamba yeye awe nje. Kaa na kamba wakubwa pia aache, wanafanana mno. Pweza, ngisi na chaza wana tropomiosini yao isiyofanana sana, wengine wanavumilia, lakini Fahmi asivijaribu nyumbani, ajaribiwe kliniki. Aleji hii huwa haiondoki na umri kwa walio wengi.

Ikitokea amekula kwa bahati mbaya: muwasho na mabaka machache, piritoni au setirizini ni sawa na umtazame usimwache. Lakini sauti ikikauka, kikohozi kisichokoma, kifua kulia, kutapika tena na tena, kulegea au kupauka, hapo piritoni ni kupoteza wakati kwa sababu inazuia histamini tu, haifungi mishipa inayovuja wala haifungui kifua. Anahitaji adrenalini, ile ya miligramu 1 kwa mililita, adungwe kwenye msuli wa paja upande wa nje katikati, miligramu 0.01 kwa kilo, kwa kilo zake 28 ni karibu mililita 0.3, na ikiwa hajapata nafuu baada ya dakika tano inarudiwa. Alale chali miguu juu, kama anahema kwa shida akae, asisimamishwe wala asitembezwe hadi kwenye gari. Wewe ukiwa Likoni ujue mbele kituo kipi cha upande wenu kina adrenalini saa zote, usingoje siku hiyo ndo uanze kuwaza feri. Muulize daktari pia kama mnaweza kuwekewa sindano yake nyumbani na mkafundishwa kuitumia, na shuleni wajue. Pia baada ya tukio, wakichukua damu ya kupima triptasi kati ya saa moja na mbili hivi, itaonyesha kama kweli masti zilimwaga, kesho yake ishashuka.

Samaki asiache, kama amekuwa akila bila shida. Aleji ya samaki inaletwa na protini nyengine kabisa, parvalbumini, haina uhusiano na ile ya kamba. Changu, tafi, nguru, ale. Ila mkinunua samaki wa kukaanga barabarani angalia karai, wengi wanakaangia kamba na ngisi kwenye mafuta yale yale, na hayo mafuta kwa Fahmi ni sawa na kumpa kamba mwenyewe. Mkaangie nyumbani.